Napanda mlima, saa inasema nimepumzika

Nilikuwa kwenye baiskeli na mlima ulikuwa umenikaba hadi nikashindwa kumjibu mwenzangu kwa sentensi nzima. Nikatupia saa jicho: mapigo ya moyo 112 kwa dakika. Hiyo ni namba yangu ya kutembea. Siku hiyohiyo niliamua kutafuta mkanda wa kifua, na baadaye, kwa mlima uleule na mwendo uleule, mkanda ukanionyesha 163.

Si kwamba saa ilikuwa mbovu. Saa ya mkononi humulika ngozi kwa taa za kijani na kusoma jinsi mwanga unaorudi unavyobadilika damu inapopita. Kwenye baiskeli umekunja kifundo cha mkono, umekamata usukani kwa nguvu na barabara inakutikisa, kwa hiyo ule mwanga unavurugika. Mkanda hauhangaiki na hayo kwa sababu unasoma umeme wa moyo wenyewe kupitia vipande viwili vinavyogusa kifua.

Kuunganisha ndiko kulikonipotezea jioni nzima. Nilifungua Bluetooth ya simu, nikauona mkanda, nikauunganisha, kisha nikakaa nasubiri saa nayo iuone. Wapi! Mikanda mingi kwa Bluetooth hukubali kifaa kimoja au viwili tu kwa wakati mmoja, na wangu ulikuwa umeshashikwa na simu. Ufute kwanza kwenye simu, funga na programu yoyote ya mazoezi inayoweza kuunyakua, halafu ingia kwenye menyu ya saa yenyewe, sehemu ya vihisi, uongeze kutokea hapo. Saa yako ikiwa na ANT+, njia nyingine ya kuunganisha vihisi bila waya, na mkanda nao unayo, chagua hiyo. Mkanda hurusha ishara hewani na vifaa vingi vinaipokea bila kugombania nafasi.

Ila kabla ya kutafuta, uvae. Mkanda ukiwa mezani umelala, saa haitauona hata ukeshe. Lowesha vile vipande viwili kwa maji, uufunge chini kidogo ya kifua, ubane kiasi cha kutoteleza ukivuta pumzi ndefu. Na usifanye kazi hii katikati ya kundi la waendesha baiskeli, maana unaweza kujikuta unafuatilia moyo wa mtu mwingine.

Utajuaje kwamba namba inatoka kifuani? Vua saa, itundike kwenye usukani, usubiri dakika moja. Mapigo yakiendelea kuonekana bila kuyumba, ni ya mkanda. Jaribio hili nalipenda kwa sababu saa nyingi zikipoteza mkanda hurudi kimyakimya kusoma mkononi, na wewe huambiwi kitu.

Mkanda nao una vituko vyake. Dakika chache za mwanzo, ngozi ikiwa kavu na fulana nyepesi inapepea kifuani, mapigo yanaweza kuruka hadi 200 na ushee huku ndio kwanza unatoka nyumbani. Ukishatoka jasho yanatulia. Yakiendelea kuruka hata ukiwa umelowa, osha mkanda, kisha badilisha betri. Mingi hutumia ile ya duara iliyoandikwa CR2032.

Kihisi cha mwendo, kile kinachofungwa kwenye habu ya gurudumu, huunganishwa kwa menyu hiyohiyo, isipokuwa huyu unamwamsha kwa kuzungusha gurudumu. Faida yake utaiona chini ya miti mikubwa na kwenye kona kali, mahali ambapo mwendo wa GPS huchelewa au kucheza. Lakini kihisi kinachojua ni idadi ya mizunguko tu, umbali ni saa inauzidisha kwa mzingo wa gurudumu. Saa yangu ilikuja na 2096, yaani milimita, kipimo cha tairi jembamba la 700x23. Langu ni nene zaidi. Njia ninayoijua kuwa ni kilomita 40 ikawa inasoma 39 kila safari, nami nikaanza kuulaumu mguu!

Nilijaza upepo kama kawaida, nikaweka valvu chini kabisa, nikachora alama ya chaki sakafuni. Nikapanda baiskeli, maana uzito wako hukandamiza tairi, mwenzangu akanisukuma polepole mizunguko 3 kamili hadi valvu ikarudi chini, akachora ya pili. Kati ya alama na alama: mita 6.45. Gawa kwa 3, unapata milimita 2150. Nikaiandika hiyo kwenye saa na kilomita yangu ikarudi. Ukibadilisha tairi kwa saizi nyingine, pima upya.

Ukirudi nyumbani, chomoa kile kidude cha mbele kutoka kwenye mkanda ndipo uanike. Mkanda uliolowa jasho unaweza kukifanya kidhani bado umeuvaa, na betri ikaisha ukiwa umelala.