Kuhesabu makundi ya namba tatu: kwa nini tunaongeza kulia - kushoto, si 1

Anayejiandaa kwa usaili wa kazi ya programu hachelewi kukutana na swali hili: umepewa orodha ya namba na lengo, sema kuna makundi mangapi ya namba tatu ambayo jumla yake ni ndogo kuliko lengo. Nimelitumia mara nyingi na vijana ninaowafundisha kuandika programu, na bado nalipenda. Msimbo wake ni mfupi, lakini mzigo wote umebebwa na mstari mmoja, na wengi huuandika mstari huo kwa kukariri. Ninachowaomba siku zote ni kwamba wasiuandike mpaka waweze kumweleza mtu mwingine kwa nini kinachoongezwa pale ni kile na si kingine.

Njia ya kwanza kila mtu anaiona: vitanzi vitatu, kimoja ndani ya kingine, kila kundi linajaribiwa. Ni njia sahihi, na usiitupe, tutaihitaji baadaye. Shida yake ni wingi wa kazi. Orodha ya namba 1,000 ina makundi 166,167,000, na vitanzi vitatu vitayapitia yote. Njia ya pointa mbili hupanga orodha kutoka ndogo hadi kubwa, kisha husogeza alama mbili za nafasi, kushoto na kulia, mpaka zikutane; kwa orodha hiyo hiyo hupiga hatua 498,501 baada ya kupanga. Tofauti hiyo haitokani na ujanja wa lugha ya programu. Inatokana na kuhesabu makundi mengi kwa mkupuo bila kuyagusa moja moja.

Kabla ya kupanga orodha, jiulize kwanza kama unaruhusiwa. Hapa unaruhusiwa, kwa sababu jumla haijali namba gani ilitangulia: 7, 3 na 2 zinatoa 12 vyovyote utakavyozisimamisha, na kila kundi lililokuwamo kabla ya kupanga bado limo baada ya kupanga. Lakini kuna swali linalofanana sana na hili kwa sura, linalotaka nafasi i < j < k ambazo namba zake nazo zinapanda, a[i] < a[j] < a[k]. Hilo ukilipangia orodha umeliua, maana orodha ikishapangwa na namba zote zikiwa tofauti, kila kundi linakubalika. Kipimo ninachokitumia ni rahisi: nikibadilishana nafasi za namba mbili ndani ya kundi, je, sharti linabaki vilevile? Likibaki, panga bila wasiwasi.

Msimbo wenyewe, kwa Python:

```python
def hesabu(namba, lengo):
    a = sorted(namba)
    n = len(a)
    jibu = 0
    for i in range(n - 2):
        kushoto, kulia = i + 1, n - 1
        while kushoto < kulia:
            if a[i] + a[kushoto] + a[kulia] < lengo:
                jibu += kulia - kushoto
                kushoto += 1
            else:
                kulia -= 1
    return jibu
```

Nimetumia `sorted` badala ya `.sort()` kwa makusudi, ili orodha ya aliyeita kazi hii ya `hesabu` ibaki kama alivyoileta. Ni jambo dogo, ila anayekusaili huliona.

Sasa tuje kwenye mstari wenye mzigo, `jibu += kulia - kushoto`. Tumeshika namba ya kwanza, a[i], na namba ya pili, a[kushoto]. Tumejaribu namba ya tatu iliyo mbali kabisa upande wa kulia, na jumla bado iko chini ya lengo. Namba zote zilizo kati ya pointa hizo mbili ni ndogo au sawa na hiyo ya kulia, kwa hiyo yoyote kati yake ikikaa nafasi ya tatu, jumla itabaki chini ya lengo. Nafasi za tatu zinazokubalika ni kuanzia kushoto + 1 hadi kulia, na idadi yake ni kulia - kushoto. Tumeyahesabu makundi yote ya a[i] na a[kushoto] yaliyobaki, kwa hiyo a[kushoto] haina kazi tena hapa na pointa inasogea mbele.

Upande wa pili unahitaji hoja yake, na huo ndio wengi huuruka. Jumla ikifika lengo au kulipita, tunasogeza kulia nyuma. Tuna hakika gani kwamba hatujaacha kundi halali? Namba ya kulia tumeijumlisha na a[kushoto], ambayo ndiyo ndogo kuliko zote zilizobaki. Kama jumla imekataa hapo, itakataa pia na kila namba iliyo mbele ya kushoto. Je, namba zilizokuwa nyuma ya kushoto, zile tulizokwisha kuziacha? Zilipoachwa, pointa ya kulia ilikuwa hapa ilipo au mbele zaidi, kwa hiyo makundi yao na namba hii yalishaingia kwenye hesabu. Hakuna jozi iliyosahaulika, wala iliyohesabiwa mara mbili.

Tuifanye kwa mkono. Orodha ni 7, 3, 9, 2, 5, 3 na lengo ni 13. Ikipangwa inakuwa 2, 3, 3, 5, 7, 9, nafasi 0 hadi 5.

Tunashika 2, nafasi ya 0. Kushoto ni nafasi ya 1 yenye 3, kulia ni nafasi ya 5 yenye 9. Jumla ni 14, imezidi, kulia inarudi nafasi ya 4 yenye 7. Sasa 2 + 3 + 7 ni 12, imekubali. Tunaongeza 4 - 1, yaani 3, na makundi yenyewe ni haya: 2 na 3 pamoja na 3 ya pili, au 5, au 7. Kushoto inasogea nafasi ya 2, ambayo nayo ni 3. Jumla ni 12 tena, tunaongeza 4 - 2, yaani 2, na hesabu imefika 5. Kushoto inasogea nafasi ya 3 yenye 5: 2 + 5 + 7 ni 14, imekataa, kulia inarudi na pointa zinakutana.

Tunashika 3 ya kwanza, nafasi ya 1. Na 3 ya pili pamoja na 9 tunapata 15, hapana. Na 7 tunapata 13. Hapa tulia kidogo: swali linasema ndogo kuliko lengo, na 13 si ndogo kuliko 13, kwa hiyo hapana. Na 5 tunapata 11, ndiyo, tunaongeza 3 - 2, yaani 1. Hesabu ni 6. Tukishika 3 ya pili, jumla ya kwanza ni 17 na inayofuata ni 15, hakuna kitu. Tukishika 5, kundi pekee ni 5, 7 na 9, ambalo ni 21. Jibu ni 6, kwa hatua 10 za pointa, wakati makundi yote ya orodha hii ni 20.

Mfano huu nimeuchagua kwa sababu makosa makubwa matatu yanajionyesha ndani yake, kila moja kwa namba yake. Ukipata 3, umeongeza 1 badala ya kulia - kushoto. Ukipata 7, umeandika <= badala ya <, na lile kundi la 3, 3 na 7 limeingia. Ukipata 4, umeruka namba zinazojirudia. Kosa hili la mwisho huwapata hasa waliolizoea lile swali jingine la kutafuta namba tatu zenye jumla ya sifuri, ambalo hutaka makundi yasiyofanana na hivyo huruka marudio. Hapa tunahesabu nafasi: 3 ya nafasi ya 1 na 3 ya nafasi ya 2 ni vitu viwili, kama mifuko miwili ya sukari yenye bei moja rafuni.

Kuna wanaotaka kukatisha kitanzi cha nje mapema, na ni wazo zuri likiandikwa sawasawa. Usiandike `if a[i] >= lengo: break`. Ukiwa na -3, -2, -1 na lengo -4, sharti hilo linatimia mara moja, kwa kuwa -3 ni kubwa kuliko -4, na programu inatoa 0. Lakini jumla ya tatu hizo ni -6, kwa hiyo jibu sahihi ni 1. Sharti salama ni kuangalia jumla ndogo kabisa inayowezekana kuanzia i:

```python
if a[i] + a[i + 1] + a[i + 2] >= lengo:
    break
```

Hili ni sahihi hata kwa namba hasi, maana kila kundi linaloanzia hapo au mbele lina jumla isiyopungua hiyo.

Mwandishi wa Java ana la kuongeza. Tangaza jibu kama `long`. Orodha ya namba 2,346 ina makundi 2,149,201,880, na `int` inaishia 2,147,483,647. Makundi yote yakikubalika, `int` itakurudishia -2,145,765,416. Hesabu ya makundi haiwezi kuwa hasi, kwa hiyo ukiliona jibu la namna hiyo usihangaike na pointa, kagua aina ya namba. Kibaya ni kwamba majaribio madogo hayatakuonyesha hilo kamwe.

Majaribio madogo yana kazi nyingine, na ndipo vile vitanzi vitatu vinarudi. Kwa Python vinaandikwa hivi:

```python
from itertools import combinations

def polepole(namba, lengo):
    return sum(sum(k) < lengo for k in combinations(namba, 3))
```

Tengeneza orodha za bahati nasibu zenye namba kama 8 hivi, kuanzia -5 hadi 5, ili marudio na namba hasi ziingie kwa wingi, kisha linganisha majibu ya kazi hizo mbili. Zikitofautiana, chukua orodha fupi kabisa iliyozitofautisha uifanye kwa mkono kama tulivyofanya hapo juu. Usiache kujaribu pia orodha yenye namba mbili tu, ambayo lazima itoe 0.

Ukishaiamini kazi yako, inakujibu na maswali mengine bila kuibadilisha. Makundi yenye jumla isiyopungua 13 lakini iliyo chini ya 14 ni `hesabu(a, 14) - hesabu(a, 13)`, na kwa orodha yetu ni 7 - 6, lile kundi moja la 3, 3 na 7. Jambo lisilowezekana kwa gharama hiyo hiyo ni kuyaorodhesha makundi. Mwajiri akisema "sasa yachapishe", mwambie wazi kwamba mstari wa kulia - kushoto unageuka kitanzi cha tatu, na namba zako 1,000 zikiwa ndogo zote utachapisha mistari 166,167,000.