Barua kwa mwanangu: lile baka la kifundoni

"Mama, lile baka la kifundo cha mguu limekuwa gumu kama ngozi ya kiatu. Duka la dawa waliniambia ni mashilingi, nimemaliza krimu mbili na bado linawasha, hasa usiku. Ni nini hili, na nitaachaje kujikuna?"

Umoja, Nairobi

Mwanangu,

Picha yako nimeikuza kwenye simu mpaka macho yakauma. Mashilingi huwa na ukingo ulioinuka wenye magamba, na katikati ngozi huelekea kupona. Lako ni nene zaidi katikati, limekuwa jeusi, na mistari ya ngozi imechimbika kama kiwiko cha mtu anayeegemea meza siku nzima. Madaktari wa ngozi huliita likeni simpleksi kroniki. Haliambukizi. Hata hivyo nimestaafu uuguzi, na picha ya simu si hadubini, kwa hiyo nenda kwanza kliniki ya ngozi wakwangue magamba kidogo wayapime. Kama kuna fangasi na ukapaka steroidi, wekundu utapungua huku fangasi wakitambaa chini kwa chini, na baadaye hata daktari anaweza kushindwa kuwatambua.

Baka hilo limetengenezwa na kucha zako. Pengine lilianza kwa kuumwa na mbu, au mpira wa soksi, na chanzo hicho kilikwisha zamani. Ngozi inayokunwa kila siku hujikinga kwa kuwa nene, kama kiganja cha mshika jembe kinavyoota sugu. Tofauti ni kwamba hapa mishipa ya fahamu huzidi kuwa na hisia kali, hata joto la blanketi linatosha kuiamsha. Unakuna, unapata raha ya dakika mbili, ngozi inazidi kunenepa, mwasho unarudi.

Nalijua kwa kisogo changu. Ulipokuwa darasa la saba nilikuwa na baka kama lako chini ya nywele, na wenzangu kazini walinicheka, muuguzi mzima anajikwaruza kama kuku. Niliapa kuacha mara nyingi, nikashindwa, kwa sababu mkono ulikuwa ukienda wenyewe. Kilichonisaidia ni daftari. Kwa wiki moja sikujikataza lolote. Kila mkono ulipofika kisogoni nilichora mstari mmoja na kuandika saa. Siku ya kwanza nilichora mistari 41, na zaidi ya nusu ilikuwa baada ya chakula cha jioni, nimekaa natazama taarifa ya habari. Kazini, mikono ikiwa na shughuli, haikufika hata kumi. Kumbe adui wangu alikuwa kochi.

Wiki ya pili nikaanza kuufundisha mkono. Ukihisi unaondoka, kunja ngumi na uishikilie kwa sekunde 30. Mwasho ukibaki, bonyeza baka kwa kiganja au weka kitambaa cha maji baridi, bila kusugua. (Kusugua kwa kisigino cha mguu wa pili ni kukuna vilevile, usijidanganye.) Usiku mkono haukusikii, basi kata kucha ziwe fupi na ufunge kifundo kwa bendeji ya pamba kabla ya kulala.

Dawa huanza wakati huohuo. Ukithibitishwa huna fangasi, daktari huenda akakuandikia steroidi ya mafuta yenye nguvu, kama betamethasoni au klobetasoli. Kwa baka la ukubwa wa lako, kiasi cha punje ya maharagwe kinatosha, kwa kawaida mara mbili kwa siku kwa wiki 2 hadi 4, kisha unapunguza polepole jinsi atakavyokuelekeza. Usikate ghafla siku mwasho utakapotulia, kwani unene unaweza kuwa bado upo. Ukipitisha muda huo bila kuangaliwa, ngozi inaweza kuwa nyembamba kama karatasi ya sigara na kupauka. Na tyubu hiyo isiguse uso wala kinena. Mchana paka vaselini ngozi isikauke.

Mwasho wangu ulipungua wiki ya tatu. Ngozi ilichukua karibu miezi mitatu kulainika, na weusi ulikaa muda mrefu zaidi, kwa hiyo usiupime uponaji kwa rangi. Pitisha kidole: mifereji ikipungua kina, unapona. Mara mbili nilirudia kukuna, mara zote wakati wa ukaguzi kazini, nikarudi kwenye daftari.

Rudi kliniki mapema likitoa usaha, likiwa na kidonda kisichofunga, au mwasho ukienea mwili mzima, maana hapo watataka kupima damu, figo na ini.

Daftari na bendeji nimempa kaka yako, atakuletea Ijumaa akitoka kazini. Kalamu tafuta mwenyewe.

Mama yako