Kapsheni ya ofa ya kioo: andika bei, muda na waranti kabla mteja hajauliza

Fundi mmoja wa Githurai amenitumia tangazo lake. Limeandikwa: "Tunabadilisha vioo vya simu zote! Bei poa, dakika 30 tu, waranti ipo." Anauliza mbona watu wanaandika "bei?" hapo chini kisha wanapotea. Ndugu yangu, wafanye nini kingine? Hujawaambia kitu.

Mimi ofa naandika ya simu moja tu. Wiki hii ni Galaxy A32, na nimeichagua makusudi, kwa sababu hakuna simu iliyonigombanisha na watu kwenye kaunta kama hiyo. Jina ni moja lakini simu ni mbili. Ya 4G, namba SM-A325F, ina skrini ya AMOLED, na kidole unaweka juu ya kioo chenyewe. Ya 5G, SM-A326B, ina skrini ya LCD, na kidole unaweka kwenye kitufe cha pembeni. Skrini ya hii haiingii kwa ile. Ukiandika "A32 kwa bei hii" bila kusema ipi, utapokea mtu aliyepanda matatu kutoka Rongai na simu ambayo huna kioo chake.

Halafu kuna suala la aina ya kioo. Ile ya 4G ina kopi ya LCD sokoni, bei nafuu kuliko AMOLED. Picha inaonekana, tachi inafanya kazi, ila rangi nyeusi inakuwa kama kijivu na kidole hakisomi tena. Kisomaji kiko chini ya skrini na kinategemea mwanga unaopenya kioo, na LCD ina tabaka la taa kwa nyuma linalouziba. Hakuna ufundi wa kurekebisha hapo. Kibanda kimoja karibu na kwangu hapa barabara ya Luthuli, Nairobi, kinatangaza bei ya kopi bila kutaja kidole, kisha wateja wao wanakuja kwangu wakilia kwamba "mafundi wa Luthuli ni wezi". Inaniuma hadi leo, maana jina la barabara ni letu sote.

Basi kapsheni yangu ndiyo hii, ichukue ubadilishe namba:

"KIOO CHA GALAXY A32 4G (SM-A325F). AMOLED: sh. 8,500, kidole kinasoma. Kopi ya LCD: sh. 4,500, kidole HAKITASOMA, utatumia namba ya siri. Bei ni ya kioo na kazi, hakuna kingine cha kuongeza. Muda: saa 2. Waranti: siku 60 kwa tachi kukataa, mistari au madoa yanayojitokeza yenyewe. Haihusu kuanguka, kukaliwa wala maji. Ukirudi kwa waranti, njoo na risiti. A32 5G ina bei yake, uliza kwanza. Kujua namba yako: Mipangilio, kisha Kuhusu simu. Ofa inaisha Jumamosi."

Ona hakuna "kuanzia". Neno hilo linamleta mtu na elfu mbili mfukoni halafu unaanza kumpandishia, na hapo hata ukimwambia ukweli hakuamini tena.

Kuhusu saa 2, mafundi wengi wananicheka. Kufungua na kufunga kweli ni haraka. Lakini lazima uipashe moto taratibu ndipo kioo cha zamani kiachie, utoe waya wa betri, ujaribu kioo kipya kabla hakijabandikwa, na ukwangue gundi yote ya zamani, kwa sababu punje moja ikibaki kioo kinakaa kimeinuka upande. Kisha vibanio. Gundi ya B-7000 inashika mapema lakini haikomai hadi kama siku nzima ipite. Mteja uliyemwahidi dakika 30 anakung'ang'ania uondoe vibanio, anaweka simu mfuko wa nyuma, na jioni kona imeachia. Anarudi na waranti mkononi. Nani analipa? Ni wewe. Kwa hiyo mimi huwa naandika muda wa kazi pamoja na gundi, na wakati wa kumkabidhi namwambia asiikalie wala kuilowesha hadi kesho.

Waranti nayo isiwe neno tupu. "Waranti ipo" kila mtu anaitafsiri anavyotaka, na aliyeangusha simu kwenye stepu za matatu anaamini inamhusu. Kabla sijafunga kifuniko nabandika stika ndogo yenye tarehe ndani ya simu. Akirudi nafungua, nasoma tarehe, kisha naangalia kingo za kioo. Kilichogongwa huwa na ufa unaoanzia mahali pamoja. Kilichoharibika chenyewe hakina ufa, ila mistari ipo, na hicho nabadilisha bila maneno. Fundi asiyetaka kuandika masharti haya hadharani ajiulize anayaficha kwa nini.

Na ofa ikiisha, futa tangazo. Wauzaji wa jumla wakipandisha bei ya skrini, lile la zamani bado litakuwa linazunguka WhatsApp, na mtu atakuonyesha kwenye simu yake iliyopasuka kwamba uliandika 8,500.