Klozapini na kuacha sigara: dozi ifuate moshi

"Wakuu, kaka yangu yuko Mafinga, anatumia dawa ya ugonjwa wa akili, klozapini, miligramu 400 na anavuta pakiti nzima kwa siku. Sasa anataka kuacha. Nimesikia vareniklini, dawa ya kusaidia kuacha sigara, inachochea ugonjwa wa akili, na mwingine kaniambia dozi ya klozapini itabidi ipunguzwe. Kipi ni kweli?"

Mkuu, mimi ni muuguzi wa afya ya akili hapa Mbeya, na hili nimeliona kwa wagonjwa wengi.

Nianze na dozi, maana ndiyo yenye hatari. Moshi wa tumbaku unalichochea ini liichome klozapini haraka. Miligramu 400 za kaka yako zimepangwa kwa mwili wa mvutaji. Moshi ukikatika, ini linatulia ndani ya wiki moja hivi, na dawa ileile inapanda kwenye damu, mara nyingi kwa nusu zaidi, na kwa wengine hata maradufu. Kinachofanya kazi hiyo ni moshi, siyo nikotini. Kwa hiyo plasta au chingamu ya nikotini inapunguza arosto lakini haizuii klozapini kupanda. Akihamia kwenye ugoro ni hivyohivyo, ini linahesabu kwamba ameacha kuvuta.

Kupunguza kutoka sigara 20 hadi 10 kwa kawaida hakubadilishi kitu, kwa sababu hata sigara kama 10 kwa siku zinatosha kulichochea ini sawasawa. Kinachobadilisha mambo ni kushuka chini ya hapo, na hasa siku ya kuacha kabisa.

Kuna kijana wa Tukuyu alilazwa wodi ya kawaida kwa kuvunjika mguu, na huko haruhusiwi kuvuta. Klozapini ikaendelea kama ilivyoandikwa kwenye cheti. Baada ya siku chache dada yake akaona foronya inalowa udenda kila asubuhi, na kijana analala mpaka saa sita mchana. Kisha mkono ukaanza kushtuka ghafla, kikombe cha chai kikamponyoka. Dada hakungoja, alitupigia. Mshtuko wa namna ile kwa mtu wa klozapini unaweza kutangulia degedege. Dozi ikapunguzwa siku hiyohiyo, na wiki iliyofuata alikuwa anazungumza vizuri.

Jambo jingine la kuangalia ni choo. Klozapini inafunga choo, na ikizidi utumbo unaweza kusimama kabisa, hilo linaua. Akipitisha siku tatu bila choo, au tumbo likijaa na kuuma, mpelekeni hospitali bila kungoja kliniki.

Kwa kaka yako, kitu ambacho daktari anaweza kukipanga ni kushusha robo ya dozi ndani ya wiki ya kwanza bila moshi: 375, 350, 325, hadi 300, kisha kumtazama na kuamua kama ashuke zaidi. Penye uwezo wa kupima kiwango cha klozapini kwenye damu, apimwe kabla ya kuacha na tena baada ya wiki hiyo. Msipunguze wenyewe, na msiisimamishe kwa kuona analala sana. Akikosa klozapini zaidi ya saa 48 inabidi aanzishwe upya kwa miligramu 12.5, na hapo katikati ugonjwa unaweza kurudi.

Kuhusu vareniklini, hofu hiyo ina chanzo. Mwaka 2009 Marekani iliiwekea dawa hii onyo kali kuhusu akili na kujiua. Kisha ukafanyika utafiti wa watu zaidi ya 8,000, karibu nusu yao wenye ugonjwa wa akili, matokeo yakatoka 2016. Matatizo ya akili hayakuongezeka kwa namna ya kutia shaka kulinganisha na waliopewa kidonge kitupu kisicho na dawa, na Desemba mwaka huohuo onyo likaondolewa. Ila wale wagonjwa walikuwa wametulia. Kaka yako naye aanze akiwa ametulia, na mtu wa nyumbani aangalie hali ya hisia zake.

Vareniklini haigusani na klozapini, inatoka kwa figo. Anaanza na nusu miligramu mara moja kwa siku, kwa siku tatu, halafu nusu miligramu mara mbili kwa siku, kwa siku nne, kisha miligramu moja mara mbili kwa siku hadi wiki 12. Ameze baada ya kula na maji ya kutosha, la sivyo kichefuchefu kitamfanya aiache. Ndoto za ajabu zipo pia. Wiki ya kwanza bado anavuta, kwa hiyo klozapini isiguswe mpaka siku anapoacha. Bupropioni, dawa nyingine ya kuacha sigara, msikubali, inaongeza hatari ya degedege juu ya klozapini.

Na akirudia kuvuta, mwambieni daktari siku hiyohiyo, hata kama anaona aibu. Ini litaanza tena kuichoma dawa, na zile 300 zitakuwa kidogo mno kwake.