Matone ya presha ya macho na kifua cha mzee

"Wadau, bibi yangu yuko Nachingwea, kaanzishiwa matone ya presha ya macho, ana kama wiki tatu. Sasa usiku anakohoa na kifua kinapiga mluzi. Aliwahi kuwa na pumu zamani. Matone ya jichoni yanaweza kweli kufika kifuani?"

Yanafika, mkuu. Angalia chupa leo hii. Kama imeandikwa Timolol, au jina lolote linaloishia na "olol", msimtie tone jingine, mpelekeni hospitali leo na chupa yake mkononi. Akianza kuhema hadi anashindwa kumaliza sentensi, hata kama ni usiku wa manane msisubiri kuche.

Nasema hivi kwa sababu ya baba yangu, Tandahimba. Alianzishiwa timololi ya asilimia 0.5, tone moja kila jicho, asubuhi na jioni. Ilikuwa mwezi wa saba, msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, kwa hiyo alipoanza kukohoa usiku hakuna aliyeshangaa. Kila mtu kule anakohoa salfa. Tukamzuia kwenda shamba, kikohozi kikabaki palepale. Tukamnunulia pampu ya salbutamoli, ile ya bluu, akavuta weee, nafuu ikawa ndogo sana. Hapo ndipo tulipotakiwa kushtuka, ila nani angejua?

Daktari aliyetufumbua macho alituuliza swali moja: akitiwa dawa, anasikia uchungu kooni? Baba akasema ndiyo, kila siku. Basi, njia ndiyo hiyo. Tone haliishii jichoni. Sehemu kubwa inapita kwenye kitundu kilichopo kona ya ndani ya jicho, inateremka puani, na ngozi laini ya pua inainyonya moja kwa moja kwenye damu. Kidonge ukimeza, ini linakichuja kwanza kabla hakijasambaa mwilini. Tone likipitia puani linalikwepa ini, ndiyo maana dawa kiduchu namna ile inaweza kumwangusha mtu mzima.

Timololi inapunguza maji yanayotengenezwa ndani ya jicho kwa kuziba vipokezi vinavyoitwa beta. Tatizo, vipokezi hivyo viko pia kwenye mirija ya mapafu na kwenye moyo. Vikizibwa mapafuni, mirija inabana. Na salbutamoli inafanya kazi kwa kuvigusa vipokezi hivyohivyo, kwa hiyo baba alikuwa anabisha hodi kwenye mlango uliofungwa kwa ndani.

Moyoni mapigo yanapungua. Baba alikuwa akiinuka kwenye mkeka anashika ukuta, sisi tunasema uzee. Walipomhesabu walipata mapigo 46 kwa dakika. Mtu mzima aliyetulia huwa na 60 hadi 100. Mhesabu na bibi: vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, uangalie saa ya simu dakika nzima. Yakiwa chini ya 50 na ana kizunguzungu, hiyo nayo ni safari ya hospitali.

Makosa yalianzia siku ya kwanza. Kliniki aliulizwa kama ana pumu, akajibu hana, maana kwake yeye pumu iliisha akiwa kijana. Kumbe hata iliyoisha inahesabika. Mwenye pumu sasa au zamani hapaswi kupewa timololi, vilevile mwenye mapafu yaliyoharibika vibaya kwa sigara au moshi, mwenye mapigo ya polepole, mwenye hitilafu ya umeme wa moyo, na ambaye moyo wake umeshindwa kazi. Anayemeza atenololi au verapamili kwa ajili ya presha ya damu amwambie daktari wa macho kabla, maana dawa hizo zikikutana na timololi mapigo yanashuka zaidi. Mwenye kisukari anayechoma insulini naye aseme, kwa sababu dawa hii inaficha moyo kwenda mbio, ile dalili inayomjulisha kwamba sukari imeshuka.

Ipo betaksololi, inayoelemea zaidi moyoni kuliko mapafuni. Wengine huisema ni salama kwa pumu. Mimi kwa bibi yangu nisingejaribu.

Ila msikae na jicho bila dawa. Presha itapanda tena, na uoni uliopotea kwa ugonjwa huu haurudi. Baba alibadilishiwa latanoprosti, tone moja usiku. Siku chache baadaye mapigo yalifika 64 na mluzi ukakata. Kope zimemrefuka, wajukuu wanamtania kama bwana harusi.

Mwaka uliofuata dawa iliadimika, duka moja wakanipa chupa ya mchanganyiko, wakasema ni kali zaidi. Nikasoma maandishi madogo ubavuni: dorzolamidi, na chini yake timololi. Nikaiacha palepale kaunta.