Ile "Fwd:" ndo ilonikosesha kazi

Jumatatu kuna dada mmoja wa huku kwetu Makorora kanitumia meseji wasap, "kaka nimeitwa intavyuu", na vikatuni vya kulia kama sita hivi. Nimefurahi utadhani nimeitwa mie. Mana imeili yake ya maombi niliikagua mwenyewe, na tangu juzi watu washaanza kuniuliza tulifanyaje, basi ngoja niseme, ila nianze na yangu, bila yangu hii ya dada hamtaielewa.

Mwaka 2019 nilikuwa natafuta ukarani kwenye ofisi za uwakala wa forodha, hizi za kutoa mizigo bandarini hapa Tanga. Nikaandika imeili moja fupi, nzuri, nikaisoma weee, nikaituma ofisi ya kwanza. Kimya. Wiki ya pili ofisi nyingine ikatangaza kazi ile ile. Sasa nipo intaneti kafe ya Ngamiani, hela yangu ya nusu saa inaisha, badala ya kuandika upya nikafungua ile ya zamani, nikabonyeza Forward, nikaweka anwani mpya, nikaenda zangu kunywa juisi ya ukwaju.

Ukibonyeza Forward, mada inajiandikia Fwd: mwanzoni, na ndani juu ya maneno yako inakaa hii:

```
---------- Forwarded message ---------
```

Chini yake zinafuata tarehe ya zamani, mada ya zamani na anwani ya yule uliyemwandikia kwanza. Yan bosi wa pili anaona kabisa kwamba yeye ni chaguo la pili, na chaguo la kwanza ni jirani yake wa barabara ile ile! Baada ya siku mbili akanipigia mama mmoja wa pale, sauti ya upole, "Mwanangu, hii barua mbona ni ya wenzetu?" Nikajikanyaga kanyaga pale, akasema haya, siku nyingine inshallah. Mpaka leo nikipita mbele ya ile ofisi naangalia upande wa pili. CV yangu nadhani haikufunguliwa ata.

Kwa hiyo mtu akiniambia "imeili ni kitu kidogo, muhimu CV" huwa namwangalia tu.

Tuje kwa dada. Duka moja la jumla la vifaa vya ujenzi lilitangaza nafasi ya karani wa ghala, tangazo la Kiswahili, CV itumwe kwa imeili kabla ya Ijumaa saa 10 jioni. Jumatano usiku akanitumia alichoandika kwenye simu, nakiweka kama kilivyo, kaniruhusu:

"Habari bosi, husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mchapakazi naweza kufanya kazi kwenye mazingira magumu bila kusimamiwa nina uzoefu wa miaka 3 kwenye stoo naomba kazi yoyote apo kwenu nipo tiyari mda wowote. nimeambatanisha CV tangu. Asante"

Cha kwanza, "kichwa cha habari hapo juu", na hapo juu hakuna kitu, sehemu ya mada kaiacha tupu! Ile sentensi ni ya barua ya karatasi, yenye YAH: na mstari chini yake, tulifundishwa shule tukaibeba mpaka kwenye simu. Kwenye imeili mada yenyewe ndo kichwa, ukishaijaza huna haja ya kumwambia mtu ahusike nayo.

"Bila kusimamiwa" nilicheka. Dada yangu, hii ni stoo, ina mali za watu, mwenye duka anataka mtu anayekubali kuhesabiwa, wewe unamwambia usimsimamie! Na "kazi yoyote" nayo, wametangaza moja, ombeni hiyo hiyo moja.

Miaka 3 ndo ilikuwa hatari zaidi. Nikafungua CV yake, imeandikwa Machi 2021 hadi Juni 2023. Hesabu mwenyewe, hiyo ni miaka miwili na miezi kidogo. Hakukusudia kudanganya, kahesabu 21, 22, 23 kwa vidole, lakini anayesoma ana zote mbili mbele yake. Kila tarehe na kila namba ya kwenye imeili iwekeni sambamba na CV, mkiacha wengine wataiweka.

Alafu "CV tangu". Kwenye kibodi T na Y zimepakana, kidole kikiteleza "yangu" inakuwa "tangu". Simu yake ipo kwenye Kiingereza, inapiga mstari mwekundu chini ya kila neno la Kiswahili, mwisho jicho linazoea na mstari haukuambii kitu tena. Nikamwambia nisomee kwa sauti, polepole. Alipofika hapo akanyamaza, akasema "he!" Tiyari, mda na apo tukazikamata hivo hivo.

Tulichoishia nacho ni hiki. Mada: Maombi ya kazi ya karani wa ghala, kisha jina lake kamili. Ndani:

"Habari za kazi. Naomba nafasi ya karani wa ghala mliyoitangaza. Nimefanya kazi ya stoo kwa zaidi ya miaka miwili kwenye duka la vipuri: kupokea mzigo, kuhesabu, na kujaza leja kila jioni. Naishi Makorora na niko tayari kuanza mara moja. CV yangu nimeiambatanisha. Asante."

Chini jina na namba ya simu. Basi. Alitaka kuongeza mambo ya ndoto zake nikamkatalia.

Faili lake lilikuwa linaitwa "CV mpya FINAL 2 (1).docx". Kwenye simu yangu jedwali la elimu lilikuwa limevurugika lote, tukaligeuza PDF na kulipa jina lake. Alitaka pia kutumia imeili ya steshenari alikochapia, nikamwambia wakijibu jibu linaenda steshenari, utasubiri mpaka kiama. Akatumia yake, ila jina la mtumaji lilikuwa Queen Baby, alijiandikisha akiwa kidato cha pili, tukaingia kwenye mipangilio tukaliweka la cheti.

Kutuma nako kuna mpangilio wake. Ambatanisha faili kwanza, andika maneno, anwani iwe ya mwisho kabisa, ukibonyeza Send kwa bahati mbaya haiendi popote. Na ya kwanza nilimwambia aitume kwangu mie. Nikaifungua, nikapiga namba iliyopo kwenye CV kama vile mie ndo bosi. Haipatikani. Ilikuwa laini ya zamani, simu iliibiwa mwaka jana, na CV ilichapwa kabla! Hapo ningeandika nini cha kumsaidia, wangempigia mpaka wachoke.

Alhamisi mchana akatuma. Dakika kumi mbele ananipigia anahema, kaona kuna "kila jion", i imeliwa, atume tena? Nikamwambia acha. Kitufe cha Undo cha Gmail kinakupa sekunde tano, kwenye kompyuta unaweza kuzirefusha hadi 30, zikipita zimepita, na imeili mbili kwa ajili ya herufi moja ni usumbufu. Ingekuwa CV haikuambatana au namba ni mbovu, hapo ningemwambia afungue ile ile aliyotuma, ajibu chini yake mstari mmoja, "Samahani, CV haikuambatana, hii hapa."

Intavyuu ni kesho saa 3 asubuhi, sa hivi ananiuliza avae baibui gani, hilo mie sijui.