Siku 28 za kukarabati choo cha ndani: nilivyojipanga mara ya pili

Wiki iliyopita dada mmoja wa Wete kaniandikia. Nyumba yao ina choo kimoja, na bafu ni humo humo. Wamo watu sita, na fundi kamwambia kazi yote siku nne: avunje, apige zege, atie marumaru, akabidhi. Mumewe kasema hizo siku nne watajistiri kwa wifi yake, nyumba ya tatu kutoka kwao. Swali lake lilikuwa dogo tu: "Kuna kitu ninunue mapema?"

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Hizo siku nne nami niliziamini.

Miaka miwili nyuma, hapa Fuoni, fundi alinambia maneno hayo hayo. Tulikuwa watu saba, pamoja na mama yangu mwenye magoti mabovu. Akaja Jumamosi asubuhi na nyundo, na saa nne choo kilikuwa kifusi. Jirani yangu, mwanamke tuliyekuwa tukibadilishana chumvi na mbatata, alitupa mlango wake kwa moyo mweupe. Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Siku ya pili karo lake likaanza kujaa, na hakuna wa kumlaumu, kwani karo la watu watano lilikuwa linatumiwa na watu kumi na wawili. Siku ya tatu alfajiri nikamsikia akimwambia dada yake dirishani, "Hawa wanakula nini?" Nilikuwa nimesimama nje ya mlango wake na kopo langu la kuchambia mkononi. Nikarudi nyumbani. Sijamwambia mpaka leo kwamba nilisikia, na chumvi tunaendelea kubadilishana, lakini si kama zamani.

Ili nisirudi tena kule, nikamhimiza fundi. Siku ya tano marumaru zote zimelala, siku ya sita tunakoga ndani. Baada ya miezi minne ukuta wa chumba cha kulala, ule ulioshikana na bafu, ukaanza kutoa unga mweupe chini na rangi ikavimba. Nikachukua sarafu nikagonga marumaru za sakafu moja moja. Nyingi zililia tupu, kama unagonga dafu lisilo maji. Zege lilikuwa halijakomaa, halina mteremko, na chini yake hakuna kilichozuia maji. Pesa yote ikarudi kwenye kifusi.

Kwa hiyo mwaka huu nimefanya upya. Siku 28, na safari hii kila kitu kinasimama. Sitaki kujisifu, lakini nitajisifu kidogo.

Jambo la kwanza nililofanya halikuwa ndani ya choo kabisa. Lilikuwa uwani, na lilifanywa siku tatu kabla ya nyundo ya kwanza.

Nyumba nyingi zetu zina chemba, kile kishimo cha matofali chenye mfuniko kati ya nyumba na karo. Ukivunja choo cha ndani, chemba na karo havijaenda popote. Fundi akatoboa ubavu wa chemba juu ya usawa wa maji, akaingiza kipande cha bomba la nchi 4 kisichofika mita moja. Pembeni akapanga matofali ya saruji safu mbili, akaweka juu yake sinki la choo cha kuchuchumaa na shingo yake ile inayobaki na maji. Safu mbili ni kwa sababu sinki lazima liwe juu ili bomba literemkie kwenye chemba. Likilala sawa, uchafu unakaa njiani. Alilishika kwa mchanga wenye saruji kidogo sana, ili baadaye ling'oke bila kupasuka. Mfuniko ukarudishwa, kingo zikazibwa kwa udongo mbichi ili harufu na mende wasitoke. Sinki nilinunua jipya la bei ya chini. Usitegemee kung'oa la zamani, limeganda kwenye zege na litakufia mkononi.

Sinki kama hilo linasukumwa na lita mbili tatu za maji zilizomwagwa kwa mkupuo mmoja. Ukimwaga kidogo kidogo hata ndoo nzima haitoshi. Watoto niliwafundisha hilo kabla ya kitu chochote.

Kwetu hapa kibla ni kaskazini, karibu kaskazini kamili. Fundi alitaka kulielekeza sinki huko kwa sababu bomba lingekuwa fupi. Nilimwambia aligeuze, aliyechuchumaa atazame mashariki. Aliguna, akaongeza kiungo kimoja cha bomba, basi.

Tulilitumia siku mbili kabla ya kuvunja ndani. Hapa naomba unisikilize vizuri, dada wa Wete: litumieni kabla. Siku ya kwanza tuligundua mlango wa gunia unapeperuka na upepo, na usiku hapaonekani pa kukanyaga. Vitu hivyo unataka kuvijua wakati choo cha ndani bado kipo.

Mama hakuweza kuchuchumaa wala kutoka nje usiku. Tulichukua kiti cha mbao, fundi seremala akatoboa kitako, chini tukaweka ndoo yenye mfuniko. Shoga yangu alinishauri nitie jivu ndooni. Jivu ni zuri ikiwa ndoo unakwenda kuifukia shimoni. Ikiwa unaimwaga kwenye sinki, jivu linatuama shingoni na wiki ya pili sinki halishuki. Mimi niliweka vidole viwili vya maji ya sabuni, ikamwagwa kila alfajiri na kusuuzwa kwa maji yenye klorini, kisha kuanikwa juani.

Kukoga ni habari nyengine. Nilijenga kibanda cha makuti ya kumba, upana mita moja na urefu mita moja na nusu, chini nikamwaga kokoto na juu yake ubao wa chaga. Maji hayakwenda karoni. Watu saba wakikoga mara mbili, hata kwa ndoo moja moja, unakaribia lita 280 kwa siku, na karo halikuchimbwa kwa mafuriko hayo kila siku kwa mwezi. Nilichimba mfereji mdogo mpaka kwenye migomba, upande wa mbali na kisima. Na nikaweka paa la turubai, si kwa ajili ya mvua. Nyumba ya mbele inapandishwa ghorofa, na mafundi wako juu tangu asubuhi. Kibanda bila paa kingekuwa mchezo wa kuigiza. Sitara ina pande tano, dada, siyo nne.

Pipa la maji nililiweka mlangoni kwa udhu tu, na kata yake peke yake. Asiguse mtu.

Sasa hesabu ya siku, kwa sababu hii ndiyo mafundi hawakwambii. Kuvunja na kutoa kifusi ni siku mbili. Kabla ya hapo ziba bomba linalotoka ndani kwa kitambaa kilichofungwa kwenye mfuko, maana vipande vya saruji vikifika kwenye chemba yenu ya pekee, mmekwisha. Ukisikia choo cha uwani kinabwatabwata na maji yanapanda kabla ya kushuka, jua kuna kitu njiani. Siku ya tatu mabomba yanalazwa na kujaribiwa kwa maji. Siku ya nne sinki jipya linakaa na zege la sakafu linapigwa, lenye mteremko wa sentimita moja na nusu hivi kwa kila mita kuelekea tundu la maji.

Halafu zinakuja siku saba ambazo fundi anaonekana hafanyi kitu. Zege linamwagiwa maji asubuhi na jioni na kufunikwa magunia mabichi. Saruji haikomai kwa kukauka, inakomaa kwa kunywa maji. Jua letu la kaskazi likiifyonza mapema inabaki kama biskuti. Katika siku hizo alipiga lipu kuta, kisha akaondoka. Mume wangu alikuwa akipita mlangoni kila jioni: "Huyu fundi kahama?" Nikamwambia kazi inafanywa na saruji, na saruji haipigiwi simu.

Siku ya 12 na ya 13 ilipakwa dawa ya kuzuia maji, ile inayochanganywa na saruji, mikono miwili, wa pili ukikata njia ya wa kwanza, na ukapanda ukutani kiasi cha shubiri moja, pembe zote. Siku mbili ikaachwa. Siku ya 16 tukaziba tundu, tukajaza maji kina cha vidole vitatu, nikachora mstari wa penseli ukutani. Kesho yake maji yalikuwa chini ya mstari kwa unene wa kucha tu, ambao ni mvuke, na ukuta wa chumbani mkavu. Hapo nililia kidogo. Fundi alidhani nimeumia.

Marumaru za ukuta siku ya 18 na 19, sakafu siku ya 20, siku moja bila kukanyagwa, kisha kujaza viungo, kisha siku moja tena. Kwa hesabu hiyo, ya 24 koki na vyombo vinafungwa, choo kinaanza. Kukoga ndani mpaka ya 26. Sisi tulifika 28, na hizo mbili za ziada ni aibu yangu: marumaru za sakafu zilipungua tatu, na boksi jipya lilikuwa na rangi tofauti kidogo. Nunua zaidi ya kipimo kwa sehemu moja ya kumi, na zote kwa siku moja.

Kwa hiyo dada, usiende kwa wifi. Si kwamba wifi ni mbaya. Lakini hakuna nyumba ya mtu inayobeba haja za watu wengine kwa siku 26, na ukimhimiza fundi kwa sababu ya aibu, utavunja mara mbili kama mimi. Mwambie mumeo pesa ya kwanza iende uwani. Na usianze Machi wala Aprili. Masika karo linajaa kwa maji ya ardhini, na zege halina raha.

Sinki la uwani limeng'oka zima, tundu la chemba limezibwa, na jirani yangu ameliomba kwa ajili ya nyumba yake, anataka kukarabati baada ya Idi. Nimempa. Kibanda cha kukogea bado kipo. Mama anasema ndani marumaru zinateleza, na kila jioni anachukua ndoo yake anakwenda kwenye migomba.